Mtihani wa Fizikia, mada ya joto: swali la 7 na majibu yake

Swali la 7 (alama 15)

Asubuhi ya mwezi wa saba mjini Iringa, mama mmoja anaandaa maji ya kumwogesha mtoto. Ndani ya karai la aluminiamu lenye tungamo la kilo 0.9 ameweka kilo 6 za maji ya bomba. Karai na maji yake vyote vina halijoto ya 18 °C. Kisha anamimina kilo 2 za maji ya moto yenye halijoto ya 94 °C na kukoroga.

Joto mahususi la maji ni 4,200 J/(kg·K) na la aluminiamu ni 900 J/(kg·K).

(a) Eleza maana ya joto mahususi la kitu. (alama 2)
(b) Ukipuuza karai na joto linalopotelea hewani, tafuta halijoto ya mwisho ya mchanganyiko. (alama 4)
(c) Rudia hesabu ukiingiza karai. (alama 4)
(d) Mama alipotumbukiza kipimajoto, kilisoma 35 °C. Ni jouli ngapi zimepotelea kwenye mazingira? (alama 3)
(e) Aongeze kilo ngapi za maji yaleyale ya 94 °C ili karai lifike 37 °C? Puuza joto linalopotea wakati wa kuongeza. (alama 2)

Majibu

(a) Ni kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha halijoto ya kilo 1 ya kitu hicho kwa kelvini 1. Maneno "kilo 1" yana alama yake na "kelvini 1" yana yake. Wengi mmeandika "joto la kupasha kitu", na hapo sikuwa na pa kuweka alama.

(b) Kwa kuwa tumeambiwa hakuna kinachopotea, joto linalotolewa na maji ya moto ndilo linalopokelewa na maji baridi. Tuite halijoto ya mwisho T.

Joto lililotolewa: 2 × 4,200 × (94 − T)
Joto lililopokelewa: 6 × 4,200 × (T − 18)

Tukilinganisha, 4,200 ipo pande zote mbili, kwa hiyo inaondoka:

2(94 − T) = 6(T − 18)
188 − 2T = 6T − 108
296 = 8T
T = 37 °C

Tazameni mabano kwa makini, maana hapa ndipo darasa zima lilipomwaga alama. Maji ya moto yanashuka kutoka 94 hadi T, kwa hiyo tofauti ni 94 − T. Maji baridi yanapanda kutoka 18 hadi T, kwa hiyo ni T − 18. Ukiandika T − 94 upande wa moto na kuacha mengine kama yalivyo, unapata 2T − 188 = 6T − 108, na T inatoka −20. Karatasi tatu zimeniletea −20 °C, zimepigiwa mstari mara mbili kabisa. Umechanganya maji ya moto na ya bomba, ukamwogesha mtoto kwa barafu! Jibu lolote lililo chini ya 18 au juu ya 94 halihitaji mwalimu kulikataa.

Kundi jingine limejumlisha 94 na 18 likagawa kwa 2, likapata 56 °C. Hiyo ingekuwa sahihi kama tungamo za maji zingekuwa sawa. Hapa maji baridi ni mara tatu ya yale ya moto, kwa hiyo yanavuta halijoto upande wao. Anayependa kuhakiki kwa kichwa afanye hivi: pengo kati ya 94 na 18 ni 76. Ligawe mafungu manne ya 19. Maji machache yanashuka mafungu matatu, 57, na maji mengi yanapanda fungu moja, 19. Kotekote unafika 37.

Kuna waliobadilisha 94 na 18 kuwa 367 na 291 kabla ya kuanza. Si kosa, mmejichosha tu, kwa sababu tofauti ya nyuzi 19 za selsiasi ni tofauti ya kelvini 19 vilevile. Kosa ni la yule aliyetoa kwanza, akapata tofauti, ndipo akaiongezea 273.

(c) Karai lilikuwa limekaa na maji baridi, kwa hiyo nalo linapokea joto. Liwekeni upande wa wapokeaji:

2 × 4,200 × (94 − T) = (6 × 4,200 + 0.9 × 900)(T − 18)
8,400(94 − T) = (25,200 + 810)(T − 18)
789,600 − 8,400T = 26,010T − 468,180
1,257,780 = 34,410T
T = 36.6 °C (kwa tarakimu tatu)

Safari hii 4,200 haiondoki, kwa sababu aluminiamu ina joto mahususi lake. Linganisheni pia 810 na 25,200. Karai zima la chuma kile chepesi linameza jouli 810 kwa kila kelvini, wakati maji yaliyomo yanameza 25,200. Ndiyo maana jibu limesogea kwa nyuzi 0.4 tu. Maji ni walaji wakubwa wa joto.

(d) Sasa halijoto ya mwisho inajulikana, tunatafuta kilichotoroka.

Maji ya moto yametoa: 8,400 × (94 − 35) = 8,400 × 59 = 495,600 J
Maji baridi na karai vimepokea: 26,010 × (35 − 18) = 26,010 × 17 = 442,170 J
Kilichopotea: 495,600 − 442,170 = 53,430 J

Sehemu kubwa ya joto hilo huondoka na mvuke unaouona ukipanda wakati wa kumimina, na jingine huenda kwenye hewa na sakafu. Usitumie 36.6 iliyokadiriwa kupata jibu hili: 34,410 × 1.6 inatoa 55,056, na tofauti yote hiyo imeletwa na kukadiria mapema.

(e) Mfumo wetu sasa ni karai pamoja na kilo 8 za maji, vyote viko 35 °C. Kupanda kelvini 1 vinahitaji 34,410 J, kwa hiyo kelvini 2 ni 68,820 J. Kila kilo ya maji ya moto ikishuka kutoka 94 hadi 37 inatoa 4,200 × 57 = 239,400 J.

m = 68,820 ÷ 239,400 = 0.29 kg

Mmoja wenu ameuliza pembeni mwa karatasi kwa nini nimesema 94 na si 100. Iringa iko juu, mita zipatazo 1,600 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka karibu 95 °C. Ukiyaepua na kutembea nayo hadi uani, 94 ni ya kweli kabisa. Mwingine ameandika "lita 2" badala ya kilo 2 na kudai ni kitu kimoja. Kwa maji ya bomba nakubali. Kwa maji ya 94 °C lita moja ina kilo 0.96 hivi, kwa sababu yametanuka. Swali limetoa kilo ili msiingie kwenye shimo hilo.

Kilo 0.29 ni kikombe kimoja cha chai kilichojaa. Mama alimimina kikombe, akakoroga, akatumbukiza kiwiko.