Barua kwa Baba na Mama

Glasgow, 8 Desemba 2024

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi mzima, ila nyumbani nimepakumbuka mno. Huku saa kumi kasoro robo jioni jua limeshazama. Juzi nilipika wali wa nazi ya kopo. Nilipofunua sufuria ile harufu ikanipiga, nikakaa chini jikoni nikalia. Wali wenyewe ulikuwa bokoboko, Mama, usicheke.

Baba uliuliza maneno ninayoyataja kwenye simu. Lekcha ni mhadhara: mwalimu anazungumza mbele ya watu kama 200, sisi tunaandika tu. Tyutoriali ndiyo kibarua, maana tunakaa kumi na wawili hivi na kila mtu lazima aseme. Wiki za mwanzo nilijificha nyuma ya daftari. Ofisi-awazi ni saa ambazo mwalimu amefungua mlango, unaingia kuuliza ulichokwama. Mimi nilidhani ndizo saa zake za kazi, asisumbuliwe! Nimepoteza mwezi mzima hivyo. Dedilaini ni siku ya mwisho ya kukabidhi kazi. Yangu ni Ijumaa.

Nikipiga jioni huku, huko Ngamiani mmeshalala, mko mbele saa tatu. Basi nitapiga Jumapili asubuhi. Mwambieni Bibi akae karibu na simu, na Hamisi asiguse baiskeli yangu.

Mwanenu,
Zuhura