Muhtasari wa kikao cha oparesheni, Kampala, Alhamisi 17 Julai 2025

Kwa: Mkurugenzi Mkuu, Mkurugenzi wa Fedha na Mkuu wa Sheria, ambao hawakuhudhuria
Kutoka: Katibu wa kikao

Tunachohitaji kwenu kabla ya Ijumaa 25 Julai

Idhini ya kuongeza sharti moja kwenye mikataba ya wateja: mteja apakue kontena ndani ya saa 24 tangu lori lifike kwake, la sivyo alipe gharama ya kila siku inayozidi. Mikataba inahuishwa tarehe 1 Agosti. Idhini ikichelewa, tutabaki na masharti ya zamani mwaka mzima.

Sababu ya ombi hili

Mwezi Juni tulirudisha Mombasa kontena tupu 11 baada ya muda. Jumla ya siku zilizozidi ni 38, na kwa dola 60 kwa siku, kampuni za meli zimetudai dola 2,280. Siku 29 kati ya hizo zilitokana na kontena 7 zilizokaa kwa wateja Namanve bila kupakuliwa, kwa kuwa maghala yao yalikuwa yamejaa. Kontena 4 zilizobaki zilikwama kwenye foleni ya yadi ya kupokelea kontena tupu. Hizo ni juu yetu, na sharti jipya halitazigusa. (Ukurasa wa 9 wa kumbukumbu unataja kontena 13. Stakabadhi za yadi zinaonyesha 11, na Meneja wa Usafirishaji amethibitisha.)

Yaliyoamuliwa, hayahitaji sahihi

Malori mawili yalizuiwa kwenye mizani ya Busitema ingawa uzito wa jumla haukufika tani 56. Nondo zilisukumwa mno nyuma, kundi la ekseli tatu za trela likavuka tani 24. Kuanzia Jumatatu 21 Julai, hakuna lori la chuma litakaloondoka bila karatasi ya mizani inayoonyesha uzito wa kila kundi la ekseli. Msimamizi wa upakiaji ndiye mwenye jukumu.

Wakala wetu wa forodha hatawasilisha tamko kabla ya kupata hati ya shehena ya mwisho. Kutumia rasimu ndiko kulikoleta tofauti za uzito na kuyalaza malori Malaba.

Ambalo halikuafikiwa

Kununua trela tatu zilizotumika au kuendelea kukodi. Mjadala ulikuwa mkali, lakini bei iliyoletwa ni ya muuzaji mmoja tu, na gharama ya matairi haikuwemo. Mhasibu ataleta bei tatu kikao cha 14 Agosti. Tafadhali msiahidi fedha kwa yeyote kabla ya hapo.

Kumbukumbu kamili zina kurasa 31. Suala la kontena liko ukurasa wa 8 hadi 14, na trela ukurasa wa 23 hadi 29.