Barua kwa mlionunua mwanzo: mliyonambia na niliyobadilisha

Jang'ombe, Unguja
12 Julai

Assalaamu alaykum,

Dada zangu, mashangazi zangu, na nyinyi kaka watatu mlionunua mkasema ni za mke nyumbani (nimekufahamuni),

Mwezi wa Shaabani mlinunua kwangu sabuni ya mwani, mafuta ya mwili ya nazi na karafuu, singo, au maji ya mawaridi ya uso. Mlikuwa watu 64. Kila mmoja nilimuomba atumie, kisha anambie kweli, asinipambe. Mlionijibu ni 41, wengine kwa sauti za Wasap za dakika saba, na mmoja alikuja mpaka mlangoni na kopo mkononi. Nimesikiliza zote, nyengine mara mbili. Barua hii ndiyo majibu yangu.

Mimi nilitegemea mtazungumza harufu, maana miezi miwili nzima nilikuwa natafuta harufu. Nyinyi mkazungumza ngozi.

Naanza na lililonikosesha usingizi. Wiki ya kwanza ya Ramadhani dada mmoja wa Mpendae alinitumia picha ya shingo yake: vipele vimejaa, na ilimuwasha siku mbili. Alijipaka mafuta ya mwili baada ya kuoga, basi. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Umetia nini humu?" Baada yake wakaja wawili wengine, mmoja mapajani, mmoja kwapani baada ya kunyoa.

Nilichotia ni mafuta ya makonyo ya karafuu kutoka Pemba, na nilikuwa napima kwa matone na kwa pua: nikisikia harufu imekaa, naacha. Sasa nimenunua mizani ndogo, ile wanayopimia dhahabu. Nikarudia kama nilivyofanya mwanzo, nikaona natia karibu gramu 2 kwa kila gramu 100. Karafuu ina kitu kinaitwa eujenoli, ndicho kinachotia ganzi jino likikuuma, na ndicho hicho kinachochoma ngozi kikizidi. Kwa mafuta yanayobaki mwilini kutwa, kiwango kinachoshauriwa hakizidi nusu gramu kwa gramu 100. Nilikuwa nimekizidisha mara nne. Kosa ni langu, wala si la ngozi ya mtu.

Mapishi mapya yana gramu 0.3. Harufu imepungua na mtaijua mara tu mkifungua. Anayetaka kunukia mpaka barazani achome udi. Na kwa vile nimegundua wengi wenu mnawapaka watoto, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, yapo sasa mafuta ya pili yenye kizibo cheupe, nazi tupu, hayana karafuu wala harufu nyengine yoyote. Mtoto apakwe hayo. Mama mjamzito pia namshauri achukue hayo hayo.

Chupa ya zamani, iwe imejaa au imebaki robo, nirejesheeni, nawapa mpya bure. Tafadhali msimpe mtu mwengine kwa kuona haya kuitupa. Na hata hiyo mpya, kabla ya kujipaka mwili mzima, pakeni kidogo ndani ya kiwiko mngoje mpaka kesho yake.

Sabuni sasa. Malalamiko yalikuwa mengi na yote yanafanana: "inakausha", "ngozi inakakamaa", "nikitoka kuoga natoka chokaa miguuni". Hapa kuna sababu mbili, na moja inanitia aibu.

Ya kwanza ni vipimo. Sabuni ya nazi tupu ina povu zuri, hata kwa maji yetu ya visima yenye chokaa, hata kwa maji ya bahari. Lakini nguvu hiyo hiyo ya kusafisha inaondoa na mafuta ya ngozi. Dawa yake ni kupunguza kostiki ili mafuta mengine yabaki bila kugeuka sabuni. Kwa kilo moja ya mafuta ya nazi nilikuwa natia gramu 174 za kostiki. Sasa natia 155. Povu limepungua kidogo, na kipande kinataka kukaa pakavu, kisiachwe ndani ya maji ya kisahani. Lakini mkono ukishakauka hauvutani tena. Nimeijaribu mwenyewe mwezi mzima, na mama yangu, ambaye ngozi yake inapasuka kila kipupwe, ameacha kulalamika. Kwa anayemjua mama yangu, hilo si jambo dogo.

Ya pili ni haraka. Sabuni ya aina hii inataka wiki nne mpaka sita baada ya kukatwa, ikae kwenye chanja ipigwe na upepo, iwe ngumu na ipoe ukali. Mimi nilitaka iwahi kabla ya mwezi kuandama, na baadhi yenu mliuziwa vipande vya wiki mbili. Nilijua. Nilijiambia itamalizia kukauka nyumbani kwenu. Kuanzia sasa kila kipande kina tarehe ya kukatwa, imepigwa muhuri kwenye karatasi, na hakitoki hapa kabla ya wiki sita. Mkiona tarehe ya karibu zaidi ya hapo, nirudishieni mbele za watu.

Kuhusu mwani wenyewe: bibi mmoja wa Jambiani, aliyelima mwani tangu kilimo hicho kilipoingia pwani ile, alikigeuza kipande, akakinusa, akanambia, "Mwanangu, mwani naujua. Humu sijauona." Alikuwa na haki. Nilitia kijiko kimoja cha chai cha unga kwa vipande kumi, kiasi cha kupata jina tu. Sasa ni vijiko vitatu, umesagwa na kuchekechwa mara mbili usikwaruze. Nilijaribu vitano, sabuni ikawa inamung'unyuka mkononi. Bibi ameletewa kipande kipya. Amesema "afadhali", na mimi nimelichukua kama sifa.

Singo. Hapa mlinigawanyikia. Waliolitumia mwilini walilipenda, hasa bibi harusi wetu wawili. Waliolitumia usoni waliniambia linakwaruza, na mmoja aliharibu foronya nyeupe kwa manjano. Sikutaka kuligusa singo, maana nimelirithi kwa nyanya yangu, lakini nyanya yangu hakuwahi kupaka mtu singo usoni; kwa uso alikuwa na liwa. Kwa hiyo singo limebaki kama lilivyo, ila sasa lebo inasema wazi ni la mwili, na kwamba manjano yatatia rangi nguo, mvae kanga kuukuu. Kwa uso nimeleta liwa ya unga, mkavu kabisa, unachanganya mwenyewe na marashi kwenye kiganja, kiasi cha siku ile tu.

Maji ya mawaridi nimeyaondoa. Watu watano mlinambia yamefanya ukungu kabla ya kufika nusu chupa. Kitu chenye maji bila ya dawa ya kuzuia vimelea hakikai kwenye joto letu, na mimi sina ujuzi wala chumba cha kuitia dawa hiyo kwa usalama. Waliolipa shilingi 4,000 watarejeshewa 4,000 zao, hata kama wameyamaliza na hawakuona kitu.

Kuna jambo mlilolilalamikia ambalo sikulibadilisha. Tangu kipupwe kiingie, wengi mnanitumia picha za mafuta yaliyoganda, na mmoja aliuliza kama nimetia samli. Hapana. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, na usiku wa Julai hufika huko. Yakiganda ni salama, hayajaharibika. Yakiguswa na joto la mkono yanayeyuka. Ningeweza kuchanganya mafuta mengine yasigande, lakini mlinunua nazi. Nilichobadilisha ni chombo: zile chupa za shingo nyembamba zimeisha, sasa ni kopo la mdomo mpana, unachota kwa vidole. Vizibo vyake vinakaza vizuri pia, kwa sababu vifurushi vya Wete na Chake vilifika vimelowa mafuta mpaka kwenye risiti.

Na aliyenambia kutoka Wete kwamba yake yamechacha baada ya miezi miwili, hilo si baridi, ni uvivu wangu. Tui lilikuwa halijapikwa vya kutosha, maji yakabaki ndani. Sasa nayapika mpaka mapovu yaishe kabisa, nayaacha yatulie usiku mmoja, nayachuja kwa kitambaa, na mashapo hayaingii koponi.

Lebo za mwanzo ziliandikwa Kizungu, kwa kudhani nitapata wageni wa hotelini. Wateja wangu wote 64 ni nyinyi. Sasa ni Kiswahili, herufi kubwa, kila kilichomo kimetajwa. Na maneno mawili nimeyafuta: "hung'arisha" na "hukinga jua". Nazi haikingi jua kwa kiasi cha kutegemea; anayekaa juani avae kofia au mtandio. Ama kung'arisha, watu watatu mliniuliza kwa siri kama naweza kuwatengenezea krimu ya kutakatisha. Sitatengeneza. Zinazotakatisha kwa haraka nyingi zina zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi, na nimeona uso wa jirani yangu ulivyobaki baada ya kuziacha. Sisemi zaidi.

Mliouliza kuhusu kibali: sampuli za sabuni na mafuta nimezipeleka Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ambao ndio wanaosimamia vipodozi hapa kwetu. Mpaka wanijibu, sipeleki dukani wala hotelini, na hamtaona nembo yoyote kwenye kopo.

Bei: sabuni imepanda kutoka 3,000 hadi 3,500, nazi imepanda na kipande kinakaa kwangu wiki sita badala ya mbili. Mafuta ni ile ile 6,000. Nyinyi 64 mtalipa bei ya zamani ya sabuni mpaka mwisho wa mwaka, tajeni jina tu, nina daftari.

Chupa za kubadilisha nazipokea Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, nyumbani pale pale mlipochukulia. Wa Pemba, msitume kitu kwa boti, mtapoteza nauli bure. Piga picha chupa yako, mwaga mafuta, nitakutumia kopo jipya na pesa ya maji ya mawaridi pamoja. Namba ni ile ile mliyoagizia.

Na wale 23 ambao hamjanijibu, bado nangoja.

Mama Nasra