Tangazo la Usaili: Waigizaji wa Filamu Fupi "Deni la Taa", Kigoma

Tunatafuta waigizaji watano na washiriki wa kundi kumi na watano kwa filamu fupi ya dakika 14 hivi, itakayopigwa Kibirizi na Ujiji kuanzia tarehe 8 hadi 14 Septemba 2026. Usaili ni Jumamosi tarehe 15 na Jumapili tarehe 16 Agosti. Kuigiza huku kunalipwa, na usaili ni bure kabisa: hakuna ada ya fomu, ya picha wala ya "kufungua faili". Nasema hivi kwa sababu mwenyewe niliwahi kutoa elfu ishirini ya fomu kwa watu waliokodi chumba kwa siku mbili, na siku ya tatu nilikuta mlango una kufuli. Mtu yeyote akikuomba hata mia tano kwa jina la filamu hii, si wetu.

Hadithi kwa ufupi

Mama Zawadi anaanika dagaa Kibirizi. Mumewe alitoka usiku wa giza na taa sita za kukopa, hakurudi. Arubaini haijafika, mwenye taa anakuja kudai. Hakuna jambazi kwenye hadithi hii. Mwenye taa naye ana deni lake mahali. Kama umezoea kuigiza kwa kupiga kelele na kutoa macho, hapa utapata shida kidogo, kwa sababu mambo mengi yanasemwa kwa mikono na kwa kunyamaza.

Tunaowatafuta

Mama Zawadi, mwanamke wa miaka 35 hadi 50. Ndiye mhusika mkuu. Si lazima uwe umewahi kuigiza, lakini mikono yako iwe inaijua kazi ya dagaa: kuwatandaza bila kuwavunja, kuwageuza, kuchagua mchanga na takataka, kupima kwa kopo. Kamera itakaa karibu sana na vidole, na mtu anayejifunza dagaa siku hiyo ataonekana. Ukiwa unaanika kweli Kibirizi au Katonga, njoo hata kama hujawahi kusimama jukwaani. Anahitajika siku tano, mojawapo ni usiku wa Ijumaa akiwa nchi kavu.

Mzee Rashidi, mwenye taa, miaka 55 hadi 70. Sauti ya chini, mtu wa kusalimia kwanza kabla ya neno lolote. Siku tatu.

Juma, mvuvi, mwanamume wa miaka 20 hadi 30, aliyekuwa mtumbwini usiku ule na akarudi peke yake. Huyu lazima ajue kuogelea, na tutampima: mita 50 kando ya ufuko, mchana, waokoaji wawili wakiwa majini naye. Usidanganye kwenye hili ili upate nafasi. Siku nne, mbili kati yake ni usiku ziwani.

Zawadi. Kwenye hadithi ana miaka 12, ila tunatafuta binti wa miaka 14 hadi 16 mwenye umbo dogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, kwa hiyo wazazi wenye watoto wa miaka tisa wanaojua kulia kwa amri, mtusamehe. Siku mbili, zote za wikiendi, asikose shule.

Dalali wa dagaa, mwanamke au mwanamume, miaka 30 hadi 45, mdomo mwepesi. Siku moja.

Washiriki wa kundi, watu wazima 15, wa mwaloni na sokoni. Siku moja, Jumatano tarehe 9. Hawana maneno ya kusema.

Lugha ni Kiswahili cha hapa kwetu, kama tunavyosema Mwanga na Gungu. Mama Zawadi na Mzee Rashidi wana sentensi chache za Kiha. Anayekijua ana nafasi nzuri zaidi, lakini asiyekijua atafundishwa.

Malipo

Mama Zawadi analipwa shilingi 120,000 kwa siku, jumla 600,000. Mzee Rashidi 100,000 kwa siku, jumla 300,000. Juma 100,000 kwa siku, na nyongeza ya 40,000 kwa kila usiku wa ziwani, jumla 480,000. Zawadi 80,000 kwa siku, jumla 160,000, na mzazi au mlezi anayekaa naye anapewa 25,000 kwa siku. Dalali 80,000. Washiriki wa kundi 25,000 kila mmoja.

Siku mbili za mazoezi zinalipwa pia, 30,000 kwa siku kwa wote isipokuwa kundi. Chakula na maji ni juu yetu, hakikatwi kwenye pesa yako.

Wahusika wenye majina watapata theluthi moja siku ya kusaini mkataba, na iliyobaki siku yao ya mwisho ya kazi, kabla hawajaondoka eneo la kazi. Dalali na kundi wanalipwa jioni ileile. Ukichagua kulipwa kwa simu, makato ya kutolea tunayaongeza sisi. Siku ya kazi ni saa kumi, mapumziko yakiwemo. Zikizidi, kila saa ya ziada ni 15,000, na hazizidi mbili. Zawadi hana saa za ziada.

Mkataba ni kurasa mbili za Kiswahili. Chukua nakala nyumbani, msomee unayemwamini, rudi nayo baada ya siku mbili. Unaturuhusu kuionyesha filamu kwenye matamasha, televisheni na mitandaoni. Ikinunuliwa, wahusika wanne wa kwanza wanagawana sawa asilimia 10 ya tutakachopata. Picha zako hazitatumika kutangaza bidhaa yoyote. Sitaki kumdanganya mtu: filamu fupi nyingi hazinunuliwi, kwa hiyo hesabu pesa ya siku zako, ile nyingine ikija iwe nyongeza.

Tarehe

Tumeiacha miezi ya kufungwa ziwa, kisha tukafuata mwezi. Septemba hii giza la mwezi ni tarehe 11, na tunataka giza lile ambalo taa za wavuvi zinaonekana mbali kama mji uliojengwa majini. Mbalamwezi ikiwepo, wavuvi wenyewe wanalala, nasi tungebaki tunapiga picha ya maji matupu.

Majina ya waliochaguliwa yatabandikwa Jumamosi tarehe 22 Agosti palepale pa usaili. Mazoezi ni Jumamosi tarehe 5 na Jumapili tarehe 6 Septemba. Jumanne tarehe 8 na Jumatano tarehe 9 tuko mwaloni Kibirizi mchana. Alhamisi tarehe 10 na Ijumaa tarehe 11 ni usiku, saa 1 hadi saa 6. Jumamosi tarehe 12 tunahamia kwenye nyumba Ujiji, na tunaanza saa 7 mchana ili waliokesha walale. Jumapili tarehe 13 tunaanza saa 2 asubuhi. Jumatatu tarehe 14 ni siku ya akiba. Isipohitajika, Mama Zawadi na Juma, ambao tumewaomba wasipange kazi nyingine siku hiyo, wanalipwa nusu siku.

Usalama ziwani

Mtumbwi wa Juma hautakwenda zaidi ya mita 150 kutoka ufukweni. Zile taa za mbali mtakazoziona kwenye filamu ni za wavuvi wengine walio kazini kwao. Mtumbwini wanapanda watu wanne tu: Juma, nahodha, mpiga picha na mtu wa sauti. Kila mmoja anavaa jaketi la kuokolea lililojaribiwa majini mchana wa siku hiyo. Juma atalivaa ndani ya koti la mvua, na koti tumelishona kubwa kwa ajili hiyo. Mkimwona amenenepa kidogo kwenye filamu, ndiyo sababu. Boti ya injini yenye waokoaji wawili itakuwa umbali wa kurusha kamba muda wote. Taa ni za betri, hakuna jenereta wala waya wa umeme wa nyumbani karibu na maji. Hakuna tukio la mtu kuanguka ziwani.

Upepo ukigeuka, anayeamua kurudi ni nahodha. Si mimi mwongozaji, wala anayetoa pesa. Nimekulia Gungu na nimeona ziwa likichafuka watu wakiwa bado wanamalizia sigara. Usiku ukiahirishwa mkiwa mmeshafika, mnalipwa usiku mzima pamoja na nyongeza yake.

Tutakuwa na muuguzi na sanduku la huduma ya kwanza kila siku, na gari lisilofanya kazi nyingine ila kusubiri, kwa ajili ya kumkimbiza mtu Maweni ikibidi. Mwenye kifafa, pumu au mimba atuambie mapema, siri itabaki kwa muuguzi. Usiku kila mtu anarudishwa mpaka mlangoni kwa gari, hakuna kuachiwa nauli ya bodaboda saa sita usiku.

Usalama wa mtu

Usaili unafanyika chini ya turubai, mahali pa wazi, mbele ya watu watatu, wawili kati yao wanawake. Hakuna usaili wa pili wa gesti, wa hotelini wala wa "njoo jioni tuongee vizuri". Kuomba ngono ili mtu apate kazi ni kosa la rushwa. Piga TAKUKURU 113, bure, hata kama anayeomba ni mimi. Filamu haina utupu wala mapenzi. Kuna kofi moja, Mama Zawadi kwa Juma: halimgusi, na limepangiwa nusu saa ya mazoezi.

Zawadi hapandi chombo chochote, hafanyi kazi baada ya saa 11 jioni, na mzazi au mlezi wake anakaa mahali anapomwona. Hatutamliza kwa kumtisha au kumkumbusha msiba wa kwao. Asipolia, tutapiga picha ya mgongo wake. Namba ya msaada kwa mtoto, 116, itaandikwa kwenye karatasi yake ya ratiba.

Namna ya kuja

Jumamosi tarehe 15 Agosti njoo turubai jeupe ufukweni Kibirizi, karibu na vichanja vya dagaa. Jumapili tarehe 16 turubai litakuwa Ujiji, ufukweni. Siku zote mbili ni saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri. Kibali cha Bodi ya Filamu kitabandikwa kwenye nguzo. Kisome kabla hujaandika jina. Hatuandikishi kwa simu. Leta kitambulisho cha NIDA au barua ya serikali ya mtaa; aliye chini ya miaka 18 aje na mzazi au mlezi. Picha za studio hazihitajiki, wala nguo mpya. Asiyesoma tutamsomea maneno.

Kipande cha kujaribu ni hiki, kwa wanaotaka nafasi ya Mama Zawadi na Mzee Rashidi. Wengine watapewa chao hapohapo.

MZEE RASHIDI: Hodi hapa.

MAMA ZAWADI (hainui kichwa): Karibu, mzee. Shikamoo.

MZEE RASHIDI: Marahaba, mama. Dagaa wamekauka?

MAMA ZAWADI: Wa juu wamekauka. Wa chini bado wana maji.

MZEE RASHIDI: Nimekuja kwa ile habari ya taa.

MAMA ZAWADI: Zilikuwa ngapi?

MZEE RASHIDI: Sita. Na betri zake.

MAMA ZAWADI: Alikwenda nazo zote.

MZEE RASHIDI: Najua.

MAMA ZAWADI: Sasa unanidai mimi, mzee, au unalidai ziwa?

(Mzee anaokota dagaa mmoja aliyeanguka mchangani, anampuliza, anamrudisha kichanjani.)