Barua kwa Mwanaidi kuhusu vitenzi vya Kiarabu

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, 18 Mei 2025

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma. Umechoka, vitenzi vya Kiarabu havina kichwa wala miguu, na Jumanne huji. Sikulaumu. Ila daftari lako ninalo hapa, na kosa lako lenyewe linanionyesha kuwa kanuni umeshaanza kuishika.

Umeandika *qaaltu* kwa maana ya nilisema. Ulichukua *qaala*, alisema, ukaongeza *tu* kama tulivyofanya *kataba* ikawa *katabtu*. Mtu anayebahatisha haandiki hivyo. Kilichokupita ni kwamba asili yake ni *qawala*. Wau ikikaa kati ya fataha mbili, yaani irabu a, hugeuka alifu, ndiyo tukapata *qaala*. Ukiongeza *tu*, lamu inapata sukuni, yaani inakosa irabu, na alifu iliyo kabla yake nayo ina sukuni. Zikikutana hivyo, alifu huondoka, na qafu hupewa dhuma, irabu u, iwe alama ya wau iliyopotea: *qultu*. Haya, jaribu *kaana, zaara, qaama, saama*. Ni *kuntu, zurtu, qumtu, sumtu*. Umesumbukia kimoja, umepata vitano. Vipo vichache vikaidi, kama *naama* inayotoa *nimtu*. Hivyo tutavikariri, basi.

Kuhusu zile mizani kumi, yaani maumbo ya kitenzi, zilizokutisha ubaoni: wewe unasema andika, andikia, andikisha, andikiana bila kufikiri, na hakuna aliyekuchorea jedwali. Kiarabu nacho kinafanya kazi hiyo hiyo, ila badala ya kuongeza mwishoni, mara nyingi kinachezea ndani na mwanzoni mwa neno. *Kataba*, aliandika. *Kattaba*, alimwandikisha. *Kaataba*, alimwandikia mwenzake barua. *Takaataba*, waliandikiana. Herufi k, t, b hazijapotea hata mara moja.

Maana, nakiri, si kila mara utaikisia, na si kila mzizi unaingia mizani zote. Lakini umbo halikudanganyi. Mizani ya pili masdari yake, yaani jina la kitendo, ni *taf'iil*: ndiyo tafsiri, takbiri na tasbihi unazozitaja kila siku. Ya kumi ni *istif'aal*, kama istighfari. Hata mtihani unaouogopa ni *imtihaan*, mizani ya nane.

Kazi ya kukariri ipo kwenye mizani ya kwanza: *yaktubu* ina dhuma katikati, *yajlisu* kasra, *yaftahu* fataha. Hapo usitafute njia ya mkato. Kila ukijifunza kitenzi, andika madhi yake, wakati uliopita, na mudhari yake, wakati usiopita, pamoja. Kuanzia mizani ya pili usumbufu huo haupo.

Jumanne njoo baada ya Isha. Kabla ya hapo niandikie *saama* katika madhi, sura zote kumi na nne, kisha weka alama pale alifu inapoanza kuondoka. Kidokezo: ni kwenye *sumna*, wale wanawake walifunga.

Wasalaam,
Ustadh Haruni