Dozi ya kuanzia na dozi ya kudumisha: hesabu hatua kwa hatua kwa anayeogopa hesabu

Somo hili ni kwa wanafunzi wa uuguzi na ufamasia hapa Bukavu wanaojiandaa kwenda staji, hasa wale wanaosema tangu sekondari kwamba hawana kichwa cha hesabu. Nataka kuwaambia kwa uzito wote: hesabu za dozi zinahitaji kuzidisha, kugawanya, na kuangalia mkato ulipo. Hakuna zaidi. Anayeuza sambaza pale Kadutu na kurudisha chenji bila kukosea anafanya hesabu hizi kila siku. Kinachowaangusha wengi ni kukimbilia kanuni kabla ya kuelewa dawa inafanya nini mwilini, kwa hiyo tuanzie hapo.

Fikiria pipa la maji lenye tundu dogo chini. Unataka maji yafike kwenye alama fulani na yabaki pale. Ukimimina kikombe kimoja kimoja, yatafika kwenye alama, lakini polepole, kwa sababu huku unajaza, huku yanavuja. Ukiwa na haraka, unamwaga ndoo nzima mara moja mpaka alama, kisha unaongeza kikombe kwa kikombe kufidia kinachovuja. Ndoo ile ni dozi ya kuanzia. Vikombe ni dozi ya kudumisha.

Sasa shikeni jambo hili, maana nusu ya makosa ya mtihani yanatoka hapa: ukubwa wa ndoo unategemea ukubwa wa pipa, na ukubwa wa vikombe unategemea ukubwa wa tundu. Ukubwa wa pipa tunauita ujazo wa msambao, alama yake V. Uwezo wa mwili kuondoa dawa, kwa ini au kwa figo, tunauita usafishaji, alama yake CL. Kiwango tunachotaka kwenye damu ni C. Sehemu ya dawa inayofika kweli kwenye damu ni F. Kwa dawa inayopita kwenye mshipa, F ni 1, na kugawanya kwa 1 hakubadilishi kitu.

```
Dozi ya kuanzia        = V × C ÷ F
Dozi ya kudumisha/saa  = CL × C ÷ F
Nusu-uhai              = 0,693 × V ÷ CL
```

Nusu-uhai ni muda ambao dawa mwilini inapungua hadi nusu. Ukitoa dozi za kudumisha peke yake, baada ya nusu-uhai moja umefika asilimia 50 ya kiwango unachotaka, baada ya mbili 75, baada ya tatu 87,5, baada ya nne karibu 94. Ndiyo maana tunasema mwili unahitaji nusu-uhai nne hadi tano kutulia.

Tuone kwa teofilini, dawa ya kufungua pumzi. Mgonjwa ana kilo 60. Vitabu vinatupa V ya lita 0,5 kwa kila kilo na CL ya lita 0,04 kwa saa kwa kila kilo. Tunataka kiwango cha mg 10 kwa lita.

V yake ni 0,5 × 60 = lita 30.
Dozi ya kuanzia ni 30 × 10 = mg 300.
CL yake ni 0,04 × 60 = lita 2,4 kwa saa.
Dozi ya kudumisha ni 2,4 × 10 = mg 24 kila saa.
Nusu-uhai ni 0,693 × 30 ÷ 2,4 = saa 8,7 hivi.

Zidisha 8,7 mara nne: saa 35. Mtu anayepigania pumzi hawezi kusubiri siku moja na nusu. Hiyo ndiyo sababu ya dozi ya kuanzia, na sasa hamtaisahau. Angalizo moja: ampuli tuliyo nayo mara nyingi ni ya aminofilini, ambayo asilimia 80 hivi tu ndiyo teofilini. Kwa hiyo unagawanya kwa 0,8: 300 ÷ 0,8 = mg 375, na 24 ÷ 0,8 = mg 30 kila saa.

Sasa tuseme ini la mgonjwa huyu limedhoofika, CL imeshuka nusu, ni lita 1,2 kwa saa. Nini kinabadilika? Pipa ni lilelile, kwa hiyo dozi ya kuanzia inabaki mg 300 za teofilini. Tundu limekuwa dogo, kwa hiyo dozi ya kudumisha inashuka hadi mg 12 kila saa. Wanafunzi wengi hupunguza zote mbili kwa huruma. Ni huruma inayomchelewesha mgonjwa.

Kando ya kitanda hutakutana na V na CL mara nyingi. Protokoli imeshakufanyia hesabu hiyo, inakupa mg kwa kilo. Kazi yako ni hatua mbili: mg ngapi, kisha ml ngapi. Usiziunganishe. Andika ya kwanza, weka mstari chini yake, ndipo uende ya pili.

Chukua kwinini kwa malaria kali. Dawa inayopendekezwa kwanza na Shirika la Afya Duniani ni artesunati ya sindano, lakini kwinini bado inatumika pale ambapo hakuna, na ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa somo letu. Dozi ya kuanzia ni mg 20 kwa kilo, ndani ya serumu ya glikozi, kwa saa 4. Kisha mg 10 kwa kilo kila saa 8, ukihesabu tangu ile ya kwanza ilipoanza. Mama ana kilo 54, ampuli imeandikwa mg 600 kwa ml 2.

Mg ngapi? 20 × 54 = mg 1080.

Ml ngapi? Kwanza ujue ml moja ina nini: 600 ÷ 2 = mg 300. Halafu 1080 ÷ 300 = ml 3,6. Ampuli mbili zina ml 4, kwa hiyo unabakiza ml 0,4. Jibu lina akili.

Dawa hiyo iko ndani ya ml 500 za serumu, kwa saa 4: 500 ÷ 4 = ml 125 kwa saa. Mpira wa kawaida unatoa matone 20 kwa ml: 125 × 20 ÷ 60 = 41,7, yaani matone 42 kwa dakika. Hakikisha: kwinini isizidi mg 5 kwa kilo kwa saa, na 20 ÷ 4 ni 5 kamili. Tuko kwenye mpaka, kwa hiyo usifungulie matone hata kidogo zaidi, na usiisukume kamwe kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa. Sukari ya damu ipimwe, maana kwinini huishusha.

Dozi ya kudumisha: 10 × 54 = mg 540; 540 ÷ 300 = ml 1,8. Ni nusu ya ile ya kwanza, kama ilivyopaswa kuwa.

Kabla ya yote hayo, uliza familia: ametumia kwinini au meflokini katika saa 24 zilizopita? Kama ndiyo, pipa halikuwa tupu, na dozi ya kuanzia haitolewi. Unaanza na mg 10 kwa kilo.

Mfano unaonitia wasiwasi kuliko yote ni mtoto mchanga anayedegedeka. Kilo 2,8. Fenobarbitali, dozi ya kuanzia mg 20 kwa kilo: 20 × 2,8 = mg 56. Ampuli ni ya ml 1 yenye mg 200. Ukiitumia hivyo ilivyo, 56 ÷ 200 = ml 0,28, kipimo kidogo mno kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Kwa hiyo unaichanganya: ml 1 ya dawa na ml 9 za sodiamu kloridi 0,9%, unapata ml 10 zenye mg 200, yaani mg 20 kwa ml. Sasa 56 ÷ 20 = ml 2,8, polepole kwenye mshipa kwa dakika 20 hadi 30, ukitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Kesho yake, kudumisha kwa mg 5 kwa kilo: mg 14, yaani ml 0,7, mara moja kwa siku.

Tazama sasa hatari. Mtu akivuta ml 2,8 kutoka kwenye ampuli ambazo hazijachanganywa, ametoa mg 560. Mara kumi. Mtoto ataacha kupumua. Ndiyo maana kila sirinji uliyochanganya uiandike jina la dawa na mg kwa ml, kwenye plasta, kabla hujaiweka chini.

Maternite nako kuna salfati ya magnezi kwa kifafa cha mimba, na hapa dozi haifuati kilo. Ampuli ya 50% ina gramu 5 kwa ml 10, yaani gramu 0,5 kwa ml. Ya kuanzia ni gramu 4 mshipani: 4 ÷ 0,5 = ml 8, uongeze maji ml 12 ziwe ml 20 za 20%, usukume polepole. Papo hapo gramu 5 kwenye kila tako, ml 10 kila upande. Jumla gramu 14. Kisha gramu 5 kila saa 4, tako moja moja kwa zamu, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililokuja baadaye. Kabla ya kila dozi ya kudumisha: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, mkojo angalau ml 30 kwa saa. Magnezi inatoka kwa figo. Mkojo ukikauka, tundu limeziba. Kalsiamu glukonati gramu 1 iwe karibu na kitanda.

Fanyeni haya matatu kwa karatasi, bila simu.

Mtoto wa kilo 14, kwinini ya kuanzia, ndani ya ml 140 za serumu kwa saa 4, mpira wa matone 60 kwa ml. Jibu: mg 280, ml 0,93 za dawa, ml 35 kwa saa, matone 35 kwa dakika. Kwa mpira huo, matone kwa dakika ni sawa na ml kwa saa.

Mtu wa kilo 45, teofilini, kiwango mg 10 kwa lita, V na CL zilezile. Jibu: kuanzia mg 225, kudumisha mg 18 kila saa.

Baba wa kilo 62 ameletwa kutoka Bagira na malaria kali. Mke wake anasema asubuhi alimeza kwinini. Jibu: hakuna dozi ya kuanzia. Mg 10 × 62 = mg 620, sawa na ml 2,1 hivi, na mg hizohizo tena baada ya saa 8.