Chupa ya Baba Mkubwa

Baba, Mama, shangazi zangu, wajomba, majirani zetu wa hapa Iwambi, na nyote mliosafiri usiku kucha kuja Mbeya, shikamooni.

Hii chupa iliyopo mezani, Johnnie Walker nyeusi, wengi wenu mmeisikia kabla hamjaiona. Sisi watoto wanne tumekua nayo. Ilikaa kabatini nyuma ya vitenge vya Mama, imesimama wima, haiguswi ila kwa kufutwa vumbi. Baba Mkubwa aliileta mwaka 1999 alipotoka melini, ameiviringisha ndani ya suruali ya jinzi. Akamwambia Baba: "Hii tutainywa siku utakayotimiza sitini." Baba alikuwa na miaka 34.

Nyumba ilipoezekwa, mafundi waliiulizia. Baba akasema bado. Dada alipohitimu uuguzi, bado. Mwaka 2008 ada yangu ya kidato cha tano ilikosekana, na mtu mmoja akaja na fedha mkononi kuinunua. Baba akauza pikipiki yake. Miezi saba alikwenda stesheni kwa miguu, alfajiri na baridi ile ya Mbeya, ndipo akapande treni ya TAZARA aiendeshe kuelekea Kapiri Mposhi. Nilimkasirikia sana. Niliona anaithamini pombe kuliko miguu yake. Baba, leo naomba radhi mbele ya watu hawa. Ulikuwa unatunza neno la kaka yako.

Mwaka 2013 tulimzika Baba Mkubwa. Usiku ule nilikukuta umekaa mbele ya kabati, mlango wazi, chupa mapajani. Nikajua unaifungua. Ukairudisha mahali pake.

Wiski hukomaa ndani ya pipa la mwaloni. Ikishatiwa chupani, imeishia hapo. Ile 12 iliyoandikwa kwenye lebo ni miaka ya pipani, na hata leo ni 12 ileile. Kwa hiyo, Baba, utakachoonja sasa hivi ndicho ambacho Baba Mkubwa angeonja hapa mezani mwaka 1999, kama asingekuwa mtu wa kusubiri. Wewe umeota mvi, sisi tumepata watoto, yeye ametangulia. Hii haikusogea.

Kifuniko utakifungua wewe, hakuna mkono mwingine unaostahili. Tone la kwanza ummiminie kaka yako pale chini ya mparachichi, alipokuwa anapenda kukaa. Glasi inayofuata ni yako, bila barafu. Kisha Mama, aliyehama nyumba tatu akiwa ameipakata chupa hii kama mtoto mchanga. Sisi wengine tutagawana kidogokidogo.

Naomba tusimame. Mwenye soda, mwenye maji, mwenye chai, inueni mlichonacho.

Kwa Baba, miaka sitini! Na kwa Baba Mkubwa!

Fungua, Baba.